Mofini ya maji nyumbani: kupandisha dozi hatua kwa hatua na kujua ikizidi

Mwongozo huu ni wa anayemuuguza mgonjwa wa saratani nyumbani na amekabidhiwa chupa ya mofini ya maji. Uamuzi wa kupandisha au kushusha dozi ni wa nesi au daktari wa tiba shufaa, lakini uamuzi huo hutegemea kile ambacho wewe umekiona usiku kucha na kukiandika. Nesi anakuja mara moja kwa wiki, au anapiga simu. Wewe ndiye unayejua mama alilalaje, aliamka mara ngapi, na kama jana jioni alimaliza sentensi aliyoianza.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mama wa miaka 54, mkoani Tanga, mwenye saratani ya shingo ya kizazi iliyosambaa kwenye nyonga, anatunzwa na binti yake. Nimechagua saratani hii kwa makusudi. Kwetu ni ya kawaida mno kwa wanawake, inauma sana kiunoni na miguuni, na ina njia yake ya kuigeuza dozi iliyokuwa sahihi kuwa dozi iliyozidi, bila mtu kuongeza hata tone. Tutaifikia.

Kabla ya dozi ya kwanza

Soma lebo ya chupa kwa sauti, wewe na nesi, kabla hajaondoka. Unatafuta mambo mawili: kuna miligramu ngapi za mofini katika mililita ngapi za maji. Nguvu ya dawa hutofautiana kutoka chupa hadi chupa. Chupa iliyoandikwa 5mg/5ml ina miligramu moja katika kila mililita. Iliyoandikwa 50mg/5ml ina miligramu kumi katika kila mililita, kwa hiyo kijiko kilekile kinabeba dawa mara kumi. Uganda wanazitia rangi ili watu wasichanganye, ya kijani kwa ile hafifu na ya waridi kwa ile kali, lakini usitegemee rangi ukiwa sehemu nyingine. Tegemea maandishi. Kila unapochukua chupa mpya, soma upya, hata kama inafanana kabisa na ile ya zamani. Na ukizungumza na nesi kwenye simu, taja vyote viwili: "Nimempa mililita tano za ile ya 5mg/5ml." Ukisema tu "nimempa tano," hakuna anayejua umetoa nini.

Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Kimoja kinabeba mililita tatu, kingine saba. Dawa ni chungu, na maji au juisi baada yake haina ubaya. Chupa ikae mbali na jua na moto, ndani ya sanduku au kabati lenye kufuli. Mtoto mdogo anaweza kufa kwa kiasi ambacho kwa mgonjwa ni dozi ya kawaida.

Kisha toa mezani dawa zote nyingine ambazo mgonjwa anazitumia, pamoja na zile za duka la dawa na za kienyeji, nesi azione. Tramadoli na kodeini kwa kawaida husimamishwa mofini inapoanza, maana ni za ukoo mmoja na mofini. Parasetamo huendelea. Diazepamu, piritoni, amitriptilini, dawa za kifafa na pombe huongeza usingizi juu ya usingizi wa mofini. Nyingine zinaweza kubaki kwa sababu maalumu, ila lazima anayeandika mofini ajue zipo. Diklofenaki iulizie peke yake. Inatuliza maumivu ya mifupa vizuri, lakini inaweza kuumiza figo, na figo ndizo zinazotoa mabaki ya mofini mwilini.

Jambo la mwisho ni choo. Mofini hufunga choo, na hali hii, tofauti na usingizi na kichefuchefu, haipungui mwili ukizoea. Kwa hiyo dawa ya kulainisha choo, bisakodili au sena, huanza siku ileile ya mofini na kuendelea kila usiku. Kama huna dawa hiyo mkononi, usimwachie nesi aondoke hivihivi. Choo kikikwama kwa siku tano, tumbo litauma, na maumivu hayo yakijibiwa kwa mofini zaidi, choo kitakwama zaidi.

Saa za dawa

Mofini ya maji huanza kufanya kazi baada ya dakika 20 hadi 30, hufika kilele kwenye saa moja hivi, na huisha nguvu kwenye saa nne. Ndiyo maana hutolewa kila baada ya saa nne, maumivu yawepo yasiwepo. Ukisubiri mpaka aanze kulia, umeshachelewa kwa dozi moja.

Ratiba inayotumika sana ni saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Dozi ya saa 4 usiku mara nyingi huwa maradufu ili ile ya saa 8 usiku irukwe na nyumba nzima ilale. Lakini maradufu hii haimfai kila mtu. Mzee sana, mtu aliyedhoofika mno au mwenye figo dhaifu asipewe mpaka nesi aseme kwa kinywa chake kwamba apewe.

Hapa pana mtego ambao haumo kwenye vitabu vya kigeni. Simu inaandika 10:00 pale sisi tunaposema saa 4. Kijana akiambiwa "weka alamu ya saa 4" anaweza kuandika 4:00, na mama akapewa dawa saa 10 alfajiri. Wekeni alamu zote tano pamoja na nesi, kwa saa za simu: 06:00, 10:00, 14:00, 18:00, 22:00. Kila alamu iandikiwe kiasi cha dozi, ili hata shangazi aliyekuja kusaidia usiku mmoja asilazimike kukumbuka.

Ukisahau dozi, mpe ukikumbuka, halafu rudi kwenye ratiba. Usiunganishe dozi mbili kufidia.

Daftari

Chora safu nne: saa, mililita, maumivu, usingizi. Maumivu hupimwa kwa vidole. Ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Mgonjwa ndiye anayeinua vidole, wewe unaandika. Kuna akina mama waliozoea kuvumilia ambao watasema "sijambo" huku wameuma meno, kwa hiyo pembeni andika pia kama aliweza kujigeuza kitandani, kuoga, kula. Safu ya usingizi nitaieleza chini. Ndiyo inayosahaulika na ndiyo inayookoa.

Kupandisha dozi

Mama wa mfano wetu alikuwa akimeza tramadoli miligramu 50 mara nne kwa siku, na bado alikuwa akiinua vidole vinne. Kwa kuwa mwili wake ulishazoea dawa ya ukoo huo, nesi alimwanzishia mofini miligramu 5 kila saa nne. Asiyewahi kutumia, mzee, au aliyekonda sana huanzia miligramu 2.5. Chupa yao ni ya 5mg/5ml, kwa hiyo dozi ni mililita 5, na saa 4 usiku mililita 10. Kwa siku nzima ni miligramu 30.

Pamoja na dozi za ratiba kuna dozi ya nyongeza, ya maumivu yanayotokeza katikati. Kiasi chake ni sawa na dozi moja ya ratiba. Inatolewa kama maumivu yapo, mgonjwa yuko macho vizuri, na saa moja imepita tangu dozi ya mwisho ya aina yoyote. Saa hiyo moja ina maana: kabla haijaisha hujui bado dozi uliyotoa itafanya nini. Dozi ya nyongeza haifuti ya ratiba. Saa ikifika, ya ratiba hutolewa kama kawaida, mradi mgonjwa si mzito wa usingizi.

Jumanne jioni, siku moja baada ya kuanza, nesi alipiga simu.

"Shikamoo nesi."

"Marahaba mwanangu. Mama ameshindaje? Nisomee daftari."

Binti akasoma. Nyongeza tatu: saa 6 mchana, saa 10 jioni, na saa 9 usiku. Vidole vitatu. Usingizi upo mchana lakini akiitwa anaitika na anazungumza.

Hesabu ya nesi ni hii. Dozi za ratiba ni miligramu 30, nyongeza tatu ni 15, jumla 45 kwa saa 24. Arobaini na tano ukigawa kwa sita unapata 7.5. Dozi mpya ikawa mililita 7.5 kila saa nne, usiku 15, na nyongeza nayo ikapanda kuwa 7.5. Mantiki yake ni kwamba mwili wenyewe umeshaonyesha kiasi unachohitaji. Kinachofanywa ni kukihamisha kutoka kwenye nyongeza kwenda kwenye ratiba, ili maumivu yasipate nafasi ya kutokeza.

Alhamisi nyongeza zilikuwa mbili. Arobaini na tano kujumlisha kumi na tano ni 60. Kwa sita ni 10. Dozi ikawa mililita 10. Kufikia Jumapili mama aliinua kidole kimoja, hakuhitaji nyongeza zaidi ya moja kwa siku, na alikaa nje kibarazani akimenya ndizi. Hapo husimama. Kidole kimoja na mtu anayemenya ndizi ni bora kuliko ngumi iliyofungwa na mtu anayelala kutwa.

Kuna mambo matatu katika hesabu hii ambayo muuguzaji anapaswa kuyajua, ingawa hesabu si yake. La kwanza, dozi haipandishwi kila baada ya saa chache. Husubiriwa siku moja hivi ili dozi mpya itulie mwilini, na kila hatua kwa kawaida ni ongezeko la theluthi hadi nusu. Mtu akikuambia "mpe mara mbili tu, si anaumwa," usikubali. La pili, si kila nyongeza inaingia kwenye hesabu. Kama mama anaumia anapogeuzwa kuogeshwa tu, mpe nyongeza nusu saa kabla ya kuoga na uandike "kuoga." Nesi akizijumlisha hizo kwenye ratiba, atamjaza dawa kwa ajili ya dakika kumi za maumivu, na saa zinazobaki atakuwa amelala. La tatu, mofini haijibu kila maumivu. Maumivu ya kuchoma na kupiga shoti yanayoshuka mguuni, ambayo yanatoka kwenye neva, mara nyingi huhitaji dawa nyingine pembeni. Tumbo linalosokota huenda ni choo. Tumbo la chini lililovimba na mtu asiyetulia linaweza kuwa kibofu kilichojaa. Ishara ya mambo haya ni moja: dozi imepanda mara mbili, usingizi umeongezeka, na vidole havijashuka. Ukiona hivyo, mwambie nesi kwa maneno hayohayo, kwa sababu hapo kuongeza mofini kutaleta usingizi bila nafuu.

Nyongeza zikifika tatu au nne kwa siku, piga simu. Usipandishe mwenyewe.

Usingizi wa kawaida

Siku mbili tatu za mwanzo, na baada ya kila kupandisha, mgonjwa atalala sana. Sehemu ya usingizi huu ni dawa. Sehemu nyingine ni deni: mtu ambaye hajalala usiku mzima kwa miezi miwili, maumivu yakimwachia, atalala. Familia nyingi huogopa hapa, zinapunguza dozi kimyakimya, na maumivu yanarudi. Kichefuchefu pia ni cha siku hizi za mwanzo, na nesi huweza kutoa metoklopramidi kwa muda.

Tofauti iko katika kuamshwa. Muite kwa sauti ya kawaida: "Mama, umeamkaje?" Aliyelala usingizi wa kawaida hufungua macho, hukutambua, hujibu lenye maana, na hubaki macho kwa muda wa mazungumzo. Hata akirudi kulala ukiondoka, hakuna shida. Na siku zikienda usingizi huu hupungua. Ukiona kufikia siku ya nne au ya tano unaongezeka badala ya kupungua, huo si ule wa mwanzo tena.

Usingizi uliozidi

Mofini ikizidi, akili husinzia kwanza, pumzi hufuata baadaye. Huu ndio ujuzi mmoja ninaotaka kila muuguzaji awe nao, kwa sababu unampa muda. Mtu anayemeza mofini ya maji hakati pumzi ghafla akiwa anazungumza vizuri. Anapita ngazi, na kwenye safu ya usingizi ya daftari lako ngazi hizo unaziandika kwa namba, kila unapotoa dozi.

Namba 1: yuko macho, au amelala na anaamka kirahisi. Namba 2: anasinzia, lakini ukimwita anaamka na kubaki macho. Hizi mbili unatoa dawa.

Namba 3 ndiyo ya kuikamata. Ukimwita anaamka, anaanza kujibu, halafu anapotea katikati ya sentensi. Kope zinashuka huku tonge liko mdomoni. Kikombe kinalegea mkononi. Ukimuuliza leo siku gani, anatoa jibu lisilohusiana. Hapa usitoe dozi inayofuata, hata kama alamu imelia, hata kama ulishaimimina. Ondoa chakula mdomoni, mkalishe nusu kukaa, hesabu pumzi, mpigie nesi, na umwangalie kila robo saa. Dozi moja iliyorukwa haimdhuru mtu. Akiamka na maumivu, atapewa dozi iliyopunguzwa. Kwa kawaida nesi hupunguza kwa theluthi hadi nusu na kutafuta chanzo.

Namba 4: haamki kwa kuitwa. Finya kwa nguvu msuli ulio kati ya shingo na bega. Akiguna tu au asipojibu kabisa, hii ni dharura.

Pumzi zihesabu akiwa ametulia, bila kumwambia, kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Weka macho kwenye tumbo au kifua; kupanda na kushuka ni pumzi moja. Usihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, maana mofini iliyozidi inaweza kuacha mapengo marefu na utayakosa. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Zikiwa chini ya 12 na ni mzito kuamka, zuia dawa na upige simu sasa hivi. Zikiwa 8 au pungufu, au kuna mkoromo mzito wa kukwama ambao si kawaida yake, ni dharura hata kama anaguna. Rangi ya bluu au kijivu, kwa ngozi yetu, itafute ndani ya mdomo, kwenye ulimi na kwenye kucha. Usoni utachelewa kuiona.

Mboni za macho zilizosinyaa kama nukta zinatajwa sana, lakini zisikuongoze peke yake. Yeyote anayetumia mofini huwa nazo, hata aliye sawa kabisa.

Kuna dalili nyingine ambazo huja kabla au pamoja na namba 3: mikono au miguu kushtukashtuka yenyewe, hasa akianza kulala, kuona vitu visivyokuwepo, kuchanganyikiwa jioni. Watu wengi huzipeleka kwenye malaria ya kichwani au kwenye mambo ya kishirikina. Kwa mgonjwa wa mofini, kwanza zipeleke kwa nesi.

Kilichotokea wiki ya nne

Mama aliendelea vizuri na mililita 10 kwa wiki tatu. Kisha daftari likaanza kubadilika, na dozi haikubadilika. Jumatatu: ametapika mara mbili, anakunywa kidogo. Jumanne: usingizi 2. Jumatano binti aliandika "mkojo mara moja tu, mweusi," na "mikono inaruka." Jumatano jioni mama alisema sisimizi wanapanda ukutani, na ukuta ulikuwa mtupu. Alhamisi saa 4 asubuhi, alipokuwa akilishwa uji, aliacha kumeza na kusinzia na uji mdomoni. Binti aliandika 3, akahesabu pumzi, zikawa 10. Akarudisha dawa chupani? Hapana, na wewe usiirudishe. Aliiacha kwenye bomba la sindano, akaifungia, akaandika kwamba haikutolewa, akapiga simu.

Nesi aliuliza maswali manne: dozi ya mwisho saa ngapi, chupa ni ileile au mpya, kuna dawa yoyote imeongezwa, na mkojo ukoje. Jibu la nne ndilo lililoonyesha njia. Saratani ya shingo ya kizazi ikisambaa kwenye nyonga hubana mirija inayotoka kwenye figo kwenda kibofu. Figo zinashindwa, mabaki ya mofini ambayo yenyewe yana nguvu ya dawa yanabaki mwilini, na mililita 10 za leo zinaangukia juu ya za jana na juzi. Kutapika na kutokunywa maji kuliongeza kasi.

Hospitali, kipimo cha kreatinini kilithibitisha figo zimeshuka sana. Alipewa maji ya mshipa, na mofini ikasimamishwa mpaka alipoamka vizuri. Maumivu yaliporudi ilianza upya kwa miligramu 5, kila saa nane badala ya kila saa nne, na maradufu ya usiku ikaondolewa. Kufungua mirija kwa mpira maalumu kunawezekana kwenye hospitali kubwa. Kwa baadhi ya wagonjwa kunafaa na kwa wengine hapana, na hilo ni mazungumzo ya familia na daktari.

Figo ndicho chanzo cha mara kwa mara, lakini fikiria pia chupa mpya yenye nguvu tofauti, watu wawili waliotoa dozi ileile bila kuandikiana, na dawa ya usingizi iliyonunuliwa dukani. Kuna pia chanzo kinachofurahisha: mionzi. Mgonjwa aliyepigwa mionzi kwenye mfupa anaweza kupata nafuu kubwa baada ya wiki chache, na maumivu yakipungua, dozi iliyokuwa sawa inakuwa kubwa. Mtu huyo dozi yake inahitaji kushushwa kwa hatua. Usiikate ghafla, maana mwili uliozoea utajibu kwa jasho, miayo, kuharisha na wasiwasi mkubwa. Na mgonjwa wa kisukari anayemeza vidonge, akisinzia, sukari yake ipimwe kabla ya kuilaumu mofini. Homa nayo inahitaji kipimo cha malaria.

Ikiwa ni dharura

Usimpe kitu chochote mdomoni. Si maziwa, si kahawa, si maji ya chumvi, na usimmwagie maji baridi. Ambaye hajiwezi kumeza atavuta maziwa mapafuni. Mlaze ubavu, goti la juu limekunjwa mbele, kichwa kimeinama nyuma kidogo ili ulimi usizibe koo na matapishi yatoke. Mwite jina, mfinye bega, mwambie "vuta pumzi." Mtu anayepumua polepole kwa sababu ya mofini mara nyingi huvuta pumzi akiamrishwa, kwa hiyo asiachwe peke yake njiani. Mpelekeni hospitali na chupa na daftari.

Huko kuna dawa iitwayo nalokisoni inayoiondoa mofini kwenye kazi yake. Kwa mgonjwa wa saratani hutolewa kidogokidogo, mpaka pumzi zirudi. Ikitolewa yote kwa mkupuo, maumivu yote hurudi kwa wakati mmoja. Nguvu yake huisha mapema kuliko mofini, hasa figo zikiwa zimeshindwa, kwa hiyo mgonjwa aliyeamka baada ya sindano hiyo asirudishwe nyumbani saa ileile. Mkiambiwa "ameshapona, nendeni," ombeni aangaliwe mpaka kesho.

Siku za mwisho

Inafika siku ambapo mgonjwa analala karibu muda wote kwa sababu ugonjwa umefika mwisho, na familia inajiuliza kama ni dawa. Angalia mwendo wake. Mofini iliyozidi kwa kawaida hubadilisha mtu ndani ya saa chache au siku chache, mara nyingi baada ya dozi kupanda, mkojo kupungua au dawa kuongezwa, na pumzi huwa za polepole. Mtu anayekaribia kufa amekuwa akidhoofika kwa siku nyingi au wiki, hali wala hanywi, mikono na miguu inapoa, na pumzi hazina mpangilio: za haraka na fupi, kisha kimya, kisha ndefu. Mambo haya huchanganyika pia, kwa sababu figo nazo zinazima, kwa hiyo nesi aitwe hata kama una uhakika. Mara nyingi atapunguza dozi au kuongeza nafasi kati ya dozi, bila kuiondoa kabisa, kwa sababu asiyeweza kusema bado anaweza kuumia. Utaona kwenye kipaji cha uso kilichokunjwa na kuguna akigeuzwa. Asiyeweza kumeza huweza kupewa kiasi kidogo cha ile mofini kali ndani ya shavu, kwa maelekezo ya nesi.

Atakuwepo mtu aliyempa dozi ya mwisho kabla ya mauti. Haikwepeki pale dawa inapotolewa kila saa nne. Ikiwa dozi ilikuwa ileile iliyoandikwa na daftari linaonyesha hivyo, haikumuua.

Mofini iliyobaki irudisheni kwenye kituo mlichoichukua, pamoja na chupa tupu, na waandike kiasi walichopokea. Jirani mwenye saratani akiiomba, msimpe: hajapimwa figo, hajapangiwa dozi, na dozi iliyomtosha mama kwenye wiki yake ya tatu inaweza kumzimisha mtu ambaye leo ndiyo siku yake ya kwanza.